Kalenda ya Bustani ya Mboga: Namna ya Kupanda kwa Awamu ili Mavuno Yapatikane Kila Wiki

Wakulima wengi wa bustani ndogo hupanda mbegu zote walizonazo kwa siku moja, mara nyingi baada ya mvua za kwanza. Matokeo yake hujulikana mapema. Katika wiki ya tano mchicha wote huwa tayari kwa pamoja, nao ni mboga isiyosubiri. Ukicheleweshwa hutoa maua, shina lake hukomaa na majani hupoteza ulaini. Ukivunwa wote hunyauka ndani ya siku moja. Majirani nao hupanda siku zilezile, hivyo wanunuzi hukuta mafungu ni mengi sokoni na bei hushuka. Baada ya hapo bustani hubaki tupu kwa zaidi ya mwezi mmoja, na kaya ile ile iliyokuwa ikigawa mboga bure hulazimika kununua.

Tatizo hilo haliondolewi kwa kuongeza eneo wala mbolea, bali kwa kupanga tarehe. Kalenda ya bustani hutengenezwa kwa kuanzia mwisho: mkulima huamua kwanza anataka kuvuna kiasi gani kwa wiki, kisha hurudi nyuma kuhesabu apande nini, wapi na lini. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo kwa kutumia mfano wa bustani iliyopo Morogoro mjini, mahali penye mwinuko wa takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, penye mvua za vuli kuelekea mwisho wa mwaka, masika kati ya Machi na Mei, na kipindi cha baridi kiasi kuanzia Juni hadi Agosti. Mwananchi aliye sehemu nyingine anaweza kutumia hesabu ileile kwa kubadilisha idadi ya siku.

Hesabu ya idadi ya matuta

Tuchukue kaya ya watu sita inayokula mchicha mara nne kwa wiki. Ikiwa kila mlo unahitaji takribani kilo moja ya mchicha uliong'olewa, mahitaji ya wiki ni kilo nne. Tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano, likitunzwa vizuri, linaweza kukadiriwa kutoa kilo moja kwa kila mita ya mraba, yaani kilo tano. Hivyo tuta moja linatosha kwa wiki moja na kubakiza kiasi kidogo cha kuuza au kufidia sehemu ambayo haikuota vizuri.

Swali linalofuata ni hili: ili tuta moja liwe tayari kila wiki, yanahitajika matuta mangapi? Jibu linategemea muda ambao tuta moja linatumika kabla ya kuwa huru kupandwa tena. Katika kipindi cha joto, mchicha wa kung'oa hufikia kimo cha kuvunwa baada ya takribani siku 28 tangu mbegu ziliposiwa. Kwa hiyo tuta hutumia wiki nne kukuza mboga, wiki moja ya kuvunwa kidogo kidogo, na wiki moja ya kutayarishwa upya. Jumla ni wiki sita. Ikiwa upandaji unafanyika kila wiki, basi yanahitajika matuta sita.

Utaratibu huo kwa vitendo ni rahisi kuufuata. Jumamosi ya kwanza linapandwa tuta la kwanza, Jumamosi ya pili tuta la pili, na kuendelea hivyo hadi tuta la sita. Mwanzoni mwa wiki ya tano tuta la kwanza linaanza kuvunwa. Katika wiki ya sita linachimbuliwa na kuwekwa ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri. Jumamosi ya saba, baada ya tuta la sita kuwa limepandwa wiki iliyotangulia, zamu inarejea kwenye tuta la kwanza. Kuanzia wiki ya tano hakuna wiki inayopita bila tuta moja kuvunwa.

Jambo moja huwashinda wengi katika hatua hii. Wiki nne za mwanzo hazina mavuno, na mkulima hushawishika kupanda matuta mawili au matatu kwa pamoja ili asichelewe. Kufanya hivyo hakuharakishi mavuno hata kwa siku moja, kwa kuwa tuta la kwanza litakuwa tayari siku ileile. Kinachotokea ni kwamba wiki ya tano inakuwa na mboga mara tatu ya mahitaji, na wiki ya sita na ya saba hazina kitu.

Maji yanaweza kuwa kikwazo

Idadi ya matuta lazima ilingane na maji yaliyopo. Katika kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga za majani huhitaji takribani lita nne hadi sita za maji kwa siku, kutegemea jua, upepo na aina ya udongo. Tuta la mita tano za mraba linahitaji ndoo moja hadi moja na nusu ya lita 20. Kwa kuwa tuta moja kati ya sita huwa linatayarishwa, bustani nzima inahitaji takribani ndoo tano hadi nane kila siku.

Kaya isiyo na maji ya kutosha haishauriwi kupunguza idadi ya matuta kutoka sita hadi matatu. Ikifanya hivyo itaweza kupanda mara moja tu kwa kila wiki mbili, na mavuno yatakuja wiki moja na kukosekana wiki inayofuata. Badala yake inapaswa kubakiza matuta sita na kufupisha kila moja kutoka mita tano hadi mita mbili na nusu. Maji yanayohitajika yanapungua kwa nusu, mavuno ya kila wiki nayo yanapungua kwa nusu, lakini hayakatiki.

Kupanda kwa siku sahihi hakutoshi ikiwa mbegu hazioti

Kalenda inayopanga tuta moja kwa wiki ina udhaifu mmoja: tuta moja lisipoota, wiki moja nzima haitakuwa na mavuno. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa uotaji una uzito sawa na upandaji wenyewe.

Mbegu ya mchicha ni ndogo sana, hivyo haipaswi kufukiwa zaidi ya sentimita moja. Tuta la mita tano za mraba linatosheka na gramu tano hivi za mbegu, ambazo ni takribani kijiko kimoja cha chai. Mbegu hizo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisambae kwa usawa, kisha humwagwa katika mistari iliyoachana sentimita 20, hufunikwa kwa udongo laini kidogo na kuwekewa matandazo mepesi ya nyasi. Matandazo hayo huondolewa mara miche inapoanza kuonekana. Yakicheleweshwa, miche hurefuka ikitafuta mwanga na huwa dhaifu.

Kwenye joto mchicha huota kati ya siku ya nne na ya sita. Ikifika siku ya nane na tuta bado halionyeshi mistari ya miche, lisisubiriwe. Lichunguzwe siku hiyohiyo. Udongo ukiwa umeganda juu kama ngozi, miche imeshindwa kupenya. Mbegu zikiwa hazionekani kabisa na kuna njia za sisimizi, zimebebwa. Miche ikiwa iliota kisha ikaanguka ikiwa imelainika kwenye usawa wa ardhi, huo ni ugonjwa wa kinyaushi, ambao huletwa na unyevu mwingi na miche kusongamana. Katika hali zote tuta lisiwe mzigo wa kuongezwa kwenye zamu ya wiki inayofuata. Lipandwe upya mara moja, baada ya chanzo kurekebishwa, ili pengo liwe la siku nane badala ya wiki kadhaa.

Mbegu zilizothibitishwa hupunguza hatari hiyo. Mnunuzi anapaswa kuangalia lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania, maarufu kama TOSCI, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbegu za kuhifadhi mwenyewe zinaweza kujaribiwa kwa kuweka mbegu 100 juu ya kitambaa chenye unyevu kwa muda wa wiki moja na kuhesabu zilizochipua.

Baridi na joto hubadilisha nafasi kati ya tarehe

Hata mkulima anayepanda kila Jumamosi bila kukosa hugundua kwamba mavuno yake hayaji kila Jumamosi mwaka mzima. Chanzo chake ni hali ya hewa. Mchicha unaochukua siku 28 wakati wa joto unaweza kuchukua takribani siku 35 wakati wa baridi. Tofauti hiyo ya wiki moja huonekana ndogo, lakini huvuruga kalenda mara mbili kwa mwaka, na kila mara kwa namna tofauti.

Mara ya kwanza ni pale joto linapopungua, kuanzia mwishoni mwa Mei. Tuchukulie kwamba tuta la mwisho lililokua kwa siku 28 lilipandwa Jumamosi ya kwanza. Litavunwa wiki nne baadaye, katika wiki ya tano. Tuta lililopandwa Jumamosi ya pili limekutana na baridi na linahitaji siku 35, hivyo litavunwa katika wiki ya saba. Wiki ya sita imebaki bila mavuno, ingawa mkulima hakukosa siku yake ya kupanda.

Tiba ni kuongeza upandaji mmoja kabla baridi haijaingia. Baada ya tuta la Jumamosi ya kwanza, tuta la ziada linapandwa siku ya Jumatano, siku nne baadaye, na hilo ndilo litakaloziba wiki ya sita. Hapo ndipo bustani inapohitaji tuta la saba. Kuanzia wakati huo, kila tuta linatumika kwa wiki saba: tano za kukua, moja ya kuvunwa na moja ya kutayarishwa. Matuta saba ndiyo yanayowezesha kupanda kila wiki hadi baridi iishe.

Mara ya pili ni joto linaporejea, kuelekea Septemba. Sasa mambo hugeuka. Tuta lililopandwa Jumamosi ya kwanza bado linachukua siku 35 na litakuwa tayari katika wiki ya sita. Tuta lililopandwa Jumamosi ya pili, likiwa limekua kwenye joto, linachukua siku 28 na litakuwa tayari katika wiki hiyohiyo ya sita. Matuta mawili yamefikiana, na kilo kumi za mchicha zinasubiri kaya inayohitaji nne. Tiba yake ni kuruka Jumamosi moja bila kupanda. Tuta la saba linaondolewa kwenye zamu na linaweza kutumika kwa bamia, zao linalopenda joto.

Kwa uhalisia mabadiliko hayatokei kwa siku moja kama mfano huu unavyoonyesha, bali husambaa kwa wiki kadhaa. Hata hivyo kanuni haibadiliki: hali ya hewa inapoelekea kwenye baridi, tarehe za kupanda zisogezwe karibu, inapoelekea kwenye joto, zitanuliwe. Katika maeneo ya miinuko kama Lushoto, ambako baridi ni kali zaidi, tofauti ya siku huwa kubwa kuliko ya Morogoro. Katika ukanda wa Pwani huwa ndogo.

Masika huleta shida ya aina nyingine. Mvua kubwa husomba mbegu ndogo na kujaza maji kwenye matuta. Matuta ya kipindi hicho yainuliwe hadi kati ya sentimita 20 na 30, na mifereji kati yake iachwe wazi. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya vuli na kabla ya masika humsaidia mkulima kujua lini aanze kuyainua.

Mboga za kuchuma: panda upya kabla ya zile za zamani kuchoka

Hesabu ya mchicha haifai kwa mboga zinazochumwa mara nyingi, kama sukumawiki. Tuta moja la sukumawiki huchumwa majani ya chini kila wiki kwa muda mrefu, hivyo hakuna haja ya kupanda kila wiki. Hatari hapa ni kusubiri hadi mimea ichoke ndipo miche mipya iandaliwe.

Sukumawiki hukaa kitaluni takribani wiki nne, kisha huchukua wiki sita hivi baada ya kupandikizwa ndipo uchumaji uanze. Jumla ni wiki kumi tangu mbegu ziliposiwa. Uchumaji mzuri hudumu takribani wiki 13; baada ya hapo majani huwa madogo, vidukari hujikusanya kwenye vikonyo na mimea hubaki shina refu lenye majani machache juu. Ili miche mipya ianze kuchumwa wiki ileile ya zamani inapochoka, kitalu kipya kinapaswa kusiwa wiki kumi kabla. Ukitoa kumi kwenye 13, unapata tatu. Maana yake ni kwamba kitalu cha awamu inayofuata husiwa wiki tatu tu baada ya kuanza kuchuma awamu iliyopo, wakati ambapo tuta lingali limestawi na hakuna dalili yoyote ya uhitaji. Hiyo ndiyo tarehe inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye kalenda siku ileile ya kuchuma kwa mara ya kwanza.

Nyanya na mpaka wa utaratibu huu

Kupanda kwa awamu kuna gharama yake. Pale mimea ya zao moja inapokuwepo shambani mfululizo, wadudu na magonjwa ya zao hilo nao hupata chakula mfululizo. Kwa mchicha wa kung'oa hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa hukaa ardhini muda mfupi. Kwa nyanya ni kubwa. Kantangaze, mdudu ambaye mabuu yake hutoboa majani na matunda ya nyanya, huhama kutoka mimea mikubwa kwenda kwenye michanga. Ugonjwa wa baka jani chelewa husambaa vivyo hivyo wakati wa ubaridi na unyevu.

Nyanya za aina fupi huchukua takribani wiki nne kitaluni na wiki kumi baada ya kupandikizwa hadi matunda ya kwanza kuiva, kisha huchumwa kwa wiki nne hadi sita. Kwa bustani ya mfano wetu, kitalu cha kwanza husiwa mwanzoni mwa Mei na cha pili katikati ya Juni. Awamu ya kwanza inaiva karibu na katikati ya Agosti na ya pili mwishoni mwa Septemba, hivyo nyanya zinapatikana hadi takribani mwanzoni mwa Novemba. Awamu ya tatu haishauriwi, kwa kuwa ingeiva ndani ya mvua za vuli, na ingeunganisha mzunguko wa wadudu na msimu unaofuata.

Awamu ya pili isiwekwe jirani na ya kwanza. Ipandwe upande ambao upepo unatokea, ili upepo usibebe vimelea kutoka kwenye mimea mizee. Mimea ya awamu ya kwanza ing'olewe mara uchumaji unapokwisha na kufukiwa au kuteketezwa mbali na bustani. Ikiachwa ikauke palepale, huwa makazi ya wadudu. Majani ya awamu ya kwanza yanapoonyesha njia nyeupe za mabuu au mabaka ya kahawia yanayotanuka upesi, afisa ugani aitwe kabla miche ya awamu ya pili haijapandikizwa. Viuatilifu vitakavyohitajika viwe vile vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, iliyoandikwa kwenye kibandiko, izingatiwe.

Daftari la bustani

Idadi ya siku zilizotajwa katika makala haya ni ya kuanzia. Idadi sahihi kwa kila bustani hupatikana kwa kumbukumbu. Daftari la kawaida linatosha, likiwa na safu nne kwa kila tuta: tarehe ya kusia, tarehe ya kuota, tarehe ya kuanza kuvuna na tarehe ya kumaliza.

Safu hizo nne hueleza mengi. Siku kati ya kusia na kuota zikiongezeka ghafla katika tuta moja, tatizo ni la mbegu au la tuta hilo. Siku kati ya kusia na kuvuna zikiongezeka katika matuta yote kwa mfululizo, ni dalili kwamba hali ya hewa inabadilika na wakati wa kupanda tuta la ziada umefika. Siku za kuvuna zikizidi wiki moja na mchicha ukaanza kutoa maua, tuta ni kubwa kuliko mahitaji na linaweza kufupishwa. Baada ya mwaka mmoja, mkulima atakuwa na tarehe zake mwenyewe za kusogeza na za kuruka, na ndizo atakazoziandika kwenye kalenda ya mwaka unaofuata.

Wananchi wanaohitaji msaada wa kupanga kalenda kulingana na mazao na hali ya hewa ya maeneo yao wanashauriwa kuwasiliana na afisa ugani wa kata au wa kijiji, wakiwa na daftari hilo mkononi.